Bili, kitambulisho na mkataba wa pango vinapotaja anwani tofauti: namna ya kujua ipi ishikwe

Karani akifungua faili lenye bili, kitambulisho na mkataba visivyokubaliana, mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili. Hushika kitambulisho kwa sababu kina muhuri wa serikali, au huhesabu kura: mbili zikisema hivi na moja ikisema vile, hizo mbili hushinda. Njia zote mbili hupotosha. Muhuri wa serikali una uzito mkubwa katika kusema mtu huyu ni nani, lakini uzito huo hauhamii kwenye mstari wa anwani. Na kura hazifai kwa sababu nyaraka hunakiliana. Ukikuta mbili zinakubaliana, huenda ni shahidi mmoja aliyesema mara mbili.

Maelezo haya yanafuata dalili, yaani jinsi tofauti inavyojitokeza mezani, kisha chanzo chake na namna ya kukithibitisha. Yanamfaa anayepokea maombi ya akaunti, bima au shule, na yanamfaa pia mwenye nyaraka ambaye kila anakokwenda anaambiwa anwani zake hazilingani.

Kwanza, jua kila waraka unashuhudia nini

Mkataba wa pango unasema nani ana haki ya kukaa wapi, kuanzia lini hadi lini. Hausemi kwamba ameshahamia. Bili inasema mita fulani ilitumika katika kipindi fulani na nani anadaiwa. Haisemi kwamba anayedaiwa ndiye anayelala hapo: baba hulipia nyumba ya mwanawe, na mwenye nyumba huacha mita kwa jina lake miaka na miaka. Kitambulisho kinasema kwamba siku fomu ilipojazwa, mtu huyu aliandikwa kuwa anakaa pale. Baada ya siku hiyo hakina habari.

Chukua karatasi, chora safu tatu, na kwa kila waraka andika mambo matano: anwani herufi kwa herufi kama ilivyochapwa, anwani hiyo ni ya nini (makazi, huduma au barua), tarehe ambayo taarifa hiyo ilikuwa kweli, jina lililoandikwa, na aliyeichapa aliitoa wapi. Hilo la tano husahaulika sana, na ndilo linalotatua mafaili mengi kuliko mengine manne.

Kwenye tarehe kuna mitego. Bili moja huwa na tarehe tatu: ya kutolewa, ya mwisho wa kulipa, na ya kusomwa mita. Inayokuhusu ni ya kusomwa mita, kwa kuwa hiyo ndiyo siku ambayo kitu fulani kilionekana mahali fulani. Taasisi nyingi hudai bili isiyozidi miezi mitatu na huhesabu kuanzia tarehe ya kutolewa. Hesabu hiyo inakubalika, ila angalia kama bili yenyewe ni ya usomaji halisi au ya makadirio. Ikiwa imeandikwa makadirio, hakuna aliyefika. Kitambulisho nacho kinaweza kuhuishwa mwaka jana na kubeba anwani ya miaka kumi iliyopita, kwa kuwa wakati wa kuhuisha watu wengi huulizwa picha na saini tu, na mengine hunakiliwa kutoka rekodi ya zamani. Tarehe mpya juu ya taarifa ya zamani haiifanyi taarifa kuwa mpya.

Mwisho, jiulize unatafuta anwani ipi. Anakoishi leo, zinakopelekwa barua zake, na anakohesabiwa kisheria ni maswali matatu, na mtu mmoja anaweza kuwa na majibu matatu yaliyo sahihi yote. Faili likisumbua sana, mara nyingi ni kwa sababu fomu ina nafasi moja tu ya anwani na haisemi ni ya nini.

Dalili: maneno yanatofautiana, lakini unahisi ni mahali pamoja

Anza hapa siku zote, maana tofauti nyingi huishia hapa. "Fleti B4, Jengo 27, Mtaa wa Karafuu" na "27 Karafuu St., B/4" ni nyumba moja iliyoandikwa na watu wawili. Ziandike upya zote kwa mpangilio mmoja, kutoka kidogo kwenda kikubwa: chumba au fleti, jengo, barabara, eneo, mji. Fungua vifupisho vyote. Kisha zilinganishe sehemu kwa sehemu, usizilinganishe kama mstari mzima.

Ukiona anwani imekatika mwishoni, hesabu herufi pamoja na nafasi tupu. Mifumo ya zamani ilitenga upana maalumu kwa kila mstari. Ujumbe wa kutuma fedha baina ya mabenki, kwa mfano, kwa miaka mingi ulikuwa na mistari minne ya herufi 35 kwa jina na anwani pamoja. Anwani ikiishia palepale kwenye 30 au 35, katikati ya neno, kilichokata ni mashine. Tatizo ni kwamba kinachokatwa ni cha mwisho, na kwa wanaoandika namba ya fleti mwishoni, kinachopotea ndicho kinachotenganisha kaya moja na nyingine.

Chanzo kingine ni namba mbili halali za nyumba moja. Mkataba umechukua namba ya kiwanja kutoka hati ya mwenye nyumba, bili imechukua namba ya mlangoni. Mtaa ukibadilishwa jina au nyumba zikihesabiwa upya, kila ofisi hubadilisha kwa wakati wake. Hapa usichague. Tafuta waraka mmoja unaobeba namba zote mbili, kama vile notisi ya kodi ya jengo au barua ya mamlaka ya mji, uuambatishe, na faili limefungwa.

Kuna mpaka mmoja wa kuzingatia. Vifupisho, mpangilio na tahajia unaweza kuvisamehe; namba huwezi. "B4" na "B1" hazifanani hata kidogo, hata kama kila kitu kingine kimelingana. Hizo ni anwani mbili mpaka ithibitike vinginevyo.

Dalili: bili na kitambulisho vinakubaliana, mkataba peke yake unapinga

Hii ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa hiyo tuifuate kwa mfano mmoja hadi mwisho.

Maombi yamepokelewa tarehe 14 Juni 2024. Kitambulisho kilitolewa Machi 2019 na kinasema Nyumba 12, Barabara ya Kisimani. Bili ya umeme ilitolewa 3 Juni 2024, na juu kushoto, chini ya jina la mwombaji, imeandikwa 12 Kisimani. Mkataba ni wa miezi 12 kuanzia 1 Februari 2024, wa Fleti B4, Jengo 27, Mtaa wa Karafuu. Mhesabu kura angemaliza hapa: serikali imesema Kisimani, kampuni ya umeme imesema Kisimani tena juzi tu, na mkataba ni karatasi ya watu wawili.

Shusha macho chini ya bili. Anwani iliyo juu, ile inayoonekana kwenye dirisha la bahasha, ni ya kupelekea barua. Mahali umeme unakotumika huandikwa kwingine, mara nyingi kwenye kisanduku kidogo karibu na namba ya mita. Kwenye bili hii kisanduku kinasema: mahali pa huduma 27 Karafuu, B1, namba ya mita inayoishia 0463, usomaji wa 30 Aprili 4,218, usomaji wa 31 Mei 4,391, yuniti 173, usomaji halisi. Kumbe bili haikuwahi kusema mwombaji anaishi Kisimani. Ilisema barua zipelekwe huko, na Kisimani iliingiaje? Siku ya kufungua akaunti ya umeme, karani wa huko aliomba kitambulisho na kunakili kilichoandikwa. Lile jambo la tano kwenye karatasi yako limejibiwa: bili imetoa anwani ya barua kwenye kitambulisho. Ni shahidi mmoja, na ushahidi wake ni wa 2019.

Viwango vya kimataifa vya kuzuia utakatishaji wa fedha vinalijua jambo hili. Pendekezo namba 10 la FATF, chombo kinachoweka viwango hivyo, linataka mteja athibitishwe kwa nyaraka za kuaminika na zilizo huru. Neno la pili ndilo hurukwa. Waraka ulionakiliwa kutoka kwa mwingine hauko huru hata ukitoka ofisi nyingine yenye nembo kubwa zaidi.

Sasa tumebaki na jambo dogo lenye makali: mkataba unasema B4, bili inasema B1. Uwezekano ni mitatu. Mkataba umekosea namba ya fleti. Kampuni imeandika mita kwa fleti isiyo yake. Au mita zenyewe zimeunganishwa kinyume, mwombaji analipia umeme wa jirani. Kila chanzo kina kipimo chake, na anza na kile cha bei rahisi.

Cha kwanza ni karatasi ya makabidhiano. Mikataba mingi huambatana na orodha iliyosainiwa siku ya kupewa funguo, nayo huandika namba ya mita na usomaji wa siku hiyo. Orodha ikisema fleti B4, mita inayoishia 0463, na usomaji ulio chini ya ule wa bili ya kwanza, una ushahidi mzuri na huna haja ya kumsumbua mtu. Kumbuka tu kwamba aliyeandika orodha alisoma lebo kwenye kabati la mita. Lebo ikiwa na kosa, naye amelirithi.

Cha pili ni picha ya mita, ipigwe leo, namba ya mita na usomaji vionekane katika picha moja. Piga hesabu: yuniti 173 kwa siku 31 za Mei ni takriban 5.6 kwa siku. Kutoka 31 Mei hadi 14 Juni ni siku 14, yaani karibu yuniti 78, kwa hiyo mita inapaswa kusoma jirani na 4,469. Ikisoma 4,466 hivi, mita ya pichani na ya bili ni moja na inaendelea kutumika. Ikisoma 4,120, ama si mita hiyo ama usomaji wa bili haukuwa halisi. Ikisoma 4,392, fleti haina mtu tangu mwisho wa Mei, na swali la anakoishi limefunguka upya.

Picha hiyo haikuambii mita inalisha fleti ipi. Kwa hilo kuna kipimo cha tatu, nacho hufanywa na mpangaji mwenyewe akiwa na mwenzake. Mmoja anazima swichi kuu ndani ya fleti yake, ile ya kwenye ubao wa fyuzi. Mwingine anasimama kwenye kabati la mita. Mita za kisasa zina taa ndogo nyekundu inayomweka kadiri umeme unavyotumika. Taa ya mita ya fleti iliyozimwa itaacha kumweka. Kwa kuwa usiku au mchana wa kazi taa za mita za majirani nazo zinaweza kuwa zimetulia, thibitisha kwa upande wa pili: washa tena, kisha washa birika la umeme peke yake. Juu ya mita huandikwa taa humweka mara ngapi kwa yuniti moja, kwa mfano 1,000 imp/kWh. Birika la wati 2,000 kwenye mita ya namna hiyo litaifanya taa imweke mara 33 hivi kwa dakika, na ukizima birika kasi inashuka papo hapo. Hakuna kufungua kifuniko wala kugusa lakiri ya mita. Yote haya ni ya kutazama tu.

Tuseme taa iliyozimika ni ya mita ya 0463. Basi mita ni ya B4 kweli, mpangaji analipia umeme wake mwenyewe, na kosa liko kwenye rekodi ya kampuni inayoiita mita hiyo B1. Anwani ya makazi ni ile ya mkataba. Ingekuwa imezimika taa ya mita nyingine, makazi bado yangeweza kuwa B4, ila bili isingekuwa tena ushahidi wa mwombaji kuishi popote: ingekuwa inapima maisha ya jirani.

Hitimisho la faili hili, basi: anaishi B4, Jengo 27, Karafuu, tangu 1 Februari 2024, kwa ushahidi wa mkataba na mita. Kisimani inabaki kama anwani ya kitambulisho tu. Na anwani ya barua aulizwe mwenyewe kwa sauti, kwa sababu kadi mpya ya benki ikitumwa Kisimani kwa kuwa "bili inasema hivyo", itapokelewa na mtu asiyemjua.

Dalili: mkataba na kitambulisho vinakubaliana, bili inapinga

Tazama kwanza jina kwenye bili. Likiwa la mwenye nyumba, hakuna mgongano wa kutatua. Bili hiyo haimhusu mwombaji, ni ya jengo. Ikiwa mkataba una kifungu kinachosema umeme na maji vimo ndani ya kodi, mwombaji hatakuwa na bili kwa jina lake kamwe, na kumdai ni kumtuma akatengeneze. Hapa ndipo karatasi za kughushi huzaliwa, tena na watu waaminifu waliochoka kurudishwa. Mkubalie risiti za kodi za miezi mitatu mfululizo zinazotaja fleti, pamoja na bili ya mwenye nyumba yenye namba ya mita.

Jina likiwa lake, tazama kipindi. Bili ya mwisho ya nyumba ya zamani hutoka wiki kadhaa baada ya mtu kuhama, kwa hiyo inakuwa waraka mpya kabisa kwa tarehe na wa kale kabisa kwa taarifa. Maneno kama "bili ya mwisho", "kufunga akaunti", au kipindi kifupi kisichofikia mwezi ndivyo vinavyoitambulisha. Kama kipindi ni kamili na matumizi ni ya kawaida huku mkataba unasema alihama miezi mitano iliyopita, muulize: nani yuko kwenye nyumba ile? Jibu la kweli mara nyingi ni la kawaida, kwamba ndugu amebaki pale na jina halijabadilishwa. Lakini linaweza kuwa kwamba mkataba ulichukuliwa kwa jina lake, na mtu mwingine ndiye anayekaa kwenye fleti hiyo mpya.

Umeme wa kulipia kabla hauna bili ya mwezi, una risiti ya tokeni. Katika mfumo wa STS, unaotumika katika nchi nyingi, tokeni ni tarakimu 20 zilizofungwa kwa mita moja tu. Hazitakubali kwenye mita nyingine. Kwa hiyo risiti inathibitisha mita bila shaka. Haithibitishi mtu, kwa sababu yeyote mwenye namba ya mita anaweza kununua akiwa popote. Mfululizo wa manunuzi ya miezi mitatu, kutoka namba ya simu ya mwombaji, una maana kuliko risiti moja ya jana.

Dalili: kitambulisho peke yake kinapinga

Mkataba na bili vikisema Karafuu, mahali pa huduma pakiwa Karafuu na mita ikiwa inasogea, kitambulisho cha anwani ya zamani si kasoro ya faili. Kimefanya kazi yake: kimekupa uso, jina na tarehe ya kuzaliwa. Kwenye pasipoti jambo hili ni wazi zaidi. Mistari miwili ya herufi 44 chini ya picha, ile inayosomwa na mashine, ina jina, namba, uraia, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na tarehe ya kuisha. Anwani haimo. Waliopanga kiwango hicho walijua kwamba mtu huhama na pasipoti haihami naye.

Uzito wa anwani ya kitambulisho unategemea kama sheria inamlazimisha mtu kuibadilisha akihama. Ujerumani, kwa mfano, anayehamia nyumba mpya hutakiwa kujisajili ndani ya wiki mbili, kwa hiyo anwani ya sajili huko ina nguvu kubwa, na kutolingana kwake na mkataba ulioanza miezi sita iliyopita kunahitaji maelezo. Penye sheria isiyodai hivyo, au inayodai bila kufuatilia, mstari huo ni historia.

Pako mahali pamoja ambapo kitambulisho au sajili hushinda hata kama kila mtu anajua mwombaji haishi pale: mambo ambayo sheria yenyewe imeyafunga kwenye anwani iliyosajiliwa, kama vile kituo cha kupigia kura au mahakama ya kupelekewa wito. Hapo hutafuti anakolala. Usiibadilishe kwa kumsaidia. Mwelekeze akaibadilishe kwenye sajili, kisha arudi.

Dalili: zote tatu zinapingana

Baada ya kusawazisha maandishi na kutenganisha barua na huduma, tatu zikibaki tatu, zipange kwa tarehe ya ushahidi. Mara nyingi utaona safari: kitambulisho cha nyumba ya kwanza, bili ya ya pili, mkataba wa ya tatu ambako mtu amehamia wiki hii. Jaribu kama tarehe zinapishana bila kugongana. Bili ikiishia 31 Mei na mkataba ukianza 1 Juni, umeona mtu akihama. Mkataba ulioanza siku nne zilizopita ni ahadi tu. Ipokee kama makazi ya muda, weka tarehe ya kuangalia upya baada ya bili ya kwanza kutoka, yaani siku 45 hivi, na usitume kitu cha thamani kwa posta kabla ya hapo.

Tarehe zikigongana, yaani bili ya mahali pengine inaonyesha matumizi kamili katika miezi ileile ya mkataba, na mwombaji hana maelezo, chunguza uhalali wa karatasi zenyewe. Kwenye bili anza na hesabu: usomaji wa sasa ukitoa wa nyuma lazima ulingane na yuniti, na yuniti zilingane na kiasi. Anayehariri bili hubadilisha jina na anwani, na mara nyingi husahau kwamba anwani ya huduma imetajwa tena nyuma ya karatasi au kwenye kipande cha kulipia. Kwenye mkataba tazama kama kurasa zote zina saini fupi au ni ya mwisho tu. Ukurasa wenye anwani ukiwa hauna saini na karatasi yake ni nyeupe kuliko mwenzake, omba nakala ya mwenye nyumba. Mpangaji aliyepangishwa na mpangaji mwingine naye huwa na mkataba wa kweli usiotajwa popote kwa mwenye jengo. Huyo anaishi pale kweli. Anachokosa ni ridhaa ya mwenye nyumba, na hilo ni swali lingine.

Kuandika ulichoamua

Usifute anwani uliyoikataa. Ihifadhi ikiwa na aina yake, kuanzia lini, hadi lini, chanzo chake, na nani alithibitisha siku gani. Ukiifuta Kisimani leo, mwakani karani mwingine atapokea bili yenye Kisimani juu, ataiona ni anwani mpya, na ataibadilisha tena. Mafaili yanayoyumba kati ya anwani mbili kila mwaka karibu yote yana historia hiyo.

Kwa mwenye nyaraka: anzia wapi kurekebisha

Anza na mkataba ikiwa ndio wenye kosa. Usikate namba kwa kalamu, hata mwenye nyumba akikubali. Andikeni nyongeza ya ukurasa mmoja inayosema fleti iliyokusudiwa katika mkataba wa tarehe fulani ni B4, msaini wote wawili na kuweka tarehe ya siku hiyo, si ya nyuma. Kisha nenda kampuni ya umeme au maji na mkataba, picha ya mita na matokeo ya kipimo cha swichi, uombe mahali pa huduma parekebishwe, na papo hapo ubadilishe anwani ya barua, kwa sababu hizo ni sehemu mbili za rekodi na kurekebisha moja hakugusi nyingine. Subiri bili moja itoke ikiwa safi. Kitambulisho kiwe cha mwisho: ofisi yake itakuomba mkataba na bili, na ukienda navyo vikiwa bado vinapingana, B1 inaweza kuchapwa kwenye kadi utakayoibeba miaka kumi.